"Amejitahidi, aongeze bidii": mwalimu anakuambia nini kwenye ripoti ya mtoto?

Shule zikifunga mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili, makundi ya wasapu ya wazazi yanajaa picha za ripoti. Mtu anapiga picha ile karatasi, anazungushia sentensi moja, halafu anauliza: jamani, hii "ana uwezo ila hajitumi" ndo nini? Hapo majibu yanaanza kumiminika, huyu anasema mtoto mvivu huyo mnyime tivii, yule anasema mwalimu ana lake jambo na mtoto wako, mwingine anashauri hamisha shule kabisa. Na mtoto mwenyewe yupo hapo sebuleni anasubiri kujua kama atachapwa au hachapwi, kwa sentensi ambayo wakubwa wote hawajaielewa.

Mimi nimefundisha shule ya msingi na hizo ripoti nimezijaza, kwa hiyo najua kwamba kwenye zile sentensi fupi huwa kuna taarifa za maana kabisa, ila mara nyingi haziko pale mzazi anapoangalia kwanza. Nitaongelea ripoti ya shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania, maana ndo ninayoijua vizuri.

Tuanze na karatasi yenyewe. Juu kuna alama za kila somo, shule nyingi zinatumia 50 kama kwenye mtihani wa darasa la saba, baadhi zinatumia 100. Kwenye 50, A ni kuanzia 41, B ni 31 mpaka 40, C ni 21 mpaka 30, D ni 11 mpaka 20, na E ni 10 kushuka chini. Halafu kuna jumla, wastani na nafasi darasani. Chini yake kuna tabia na mwenendo, yaani nidhamu, usafi, ushirikiano na vitu kama hivyo, kila kimoja na herufi yake. Mwisho kabisa kuna mistari ya maoni: maoni ya mwalimu wa darasa, maoni ya mwalimu mkuu, na maoni ya mzazi ambayo wengi wetu huwa tunaweka sahihi tu tunarudisha.

Mwalimu wa darasa ndo yule anayelisimamia darasa, anaita majina asubuhi na kujaza rejesta ya mahudhurio. Yeye mwenyewe anaweza kuwa anafundisha somo moja au mawili tu pale, masomo mengine ni ya walimu wenzake ambao wanamletea alama. Kwa hiyo anachoandika kinatoka sehemu mbili, alama alizoletewa na kile alichokiona kwa macho yake. Mwalimu mkuu yeye hakai na mwanao darasani, anaangalia wastani na anaandika kulingana na wastani. Ukiona mwalimu mkuu kaandika "Vizuri, dumisha" au "Wastani, aongeze bidii", ichukue kama gredi iliyoandikwa kwa maneno, usiumize kichwa kutafuta siri ndani yake.

Sasa fikiria mwalimu wa darasa mwenye watoto 86. Ni wiki ya mwisho, bado anasahihisha mitihani, alama za somo moja hazijaletwa, na ripoti zinatakiwa ziwe mezani kwa mwalimu mkuu kesho kutwa zipigwe muhuri. Anakaa na karatasi ya alama upande mmoja na rundo la ripoti upande mwingine, na anachofanya, mimi nimefanya na wenzangu wamefanya, ni kuwa na sentensi nne au tano za kawaida kichwani, moja ya waliofanya vizuri sana, moja ya waliofanya vizuri, moja ya katikati, moja ya walio chini. Anatembea na rundo akiziandika. Lakini katikati ya rundo linafika jina la mtoto fulani na kalamu inasimama, kwa sababu kuna kitu mwalimu amekiona kwa huyo mtoto na hakiingii kwenye zile sentensi zake nne. Hapo ndo anaandika kitu cha kweli.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mzazi ni kutenganisha sentensi ya rundo na sentensi ya mtoto wake. Njia ni rahisi: soma ile sentensi ujiulize kama ingeweza kuandikwa kwa mtoto yeyote mwingine wa darasa lile. "Amejitahidi, aongeze bidii" inamfaa wa kwanza na inamfaa wa themanini, hiyo ni ya rundo, haina habari mbaya wala nzuri, rudi kwenye alama. "Aandike kwa kutulia, anaruka maneno anaponakili ubaoni" haiwezi kuwa ya kila mtu, hapo mwalimu amesimama nyuma ya mwanao akaangalia daftari. Hata neno moja tu likikaa tofauti linatosha, mfano kaandika "aongeze bidii katika kusoma", hilo "katika kusoma" limeongezwa kwa makusudi na usilipite haraka.

Na tafadhali msitupe ripoti za zamani. Sentensi ya rundo ikirudi mihula mitatu mfululizo haikuambii kitu, ila kama muhula uliopita iliandikwa "mchangamfu, anashiriki vizuri" na safari hii imeandikwa "mtulivu", kuna kitu kimebadilika kwa yule mtoto, na ukiwa na karatasi moja tu mkononi huwezi kukiona.

Wazazi wengi wanauliza, kwa nini mwalimu asiseme tu wazi kwamba mwanangu hajui kusoma? Sababu kubwa ni kwamba mwalimu hajui ripoti itasomwa na nani na itaishia wapi. Itasomwa na mtoto mwenyewe njiani, itasomwa na jirani, na kuna nyumba mtoto atachapwa usiku uleule kwa mstari mmoja. Mwalimu anayempenda mtoto analainisha maneno ili kumkinga. Pia ripoti ina muhuri wa shule, ni maandishi yanayobaki, na mwalimu akiandika "hajui kusoma" kwa mtoto wa darasa la tano swali la kwanza litamrudia yeye, kwamba wewe ulikuwa unafanya nini? Halafu adabu yetu ndo hivyo ilivyo, mgeni akila kwako halafu akasifia vyombo na kitambaa cha meza bila kugusia chakula, mwenye nyumba ameshaelewa.

Mfano huo wa mgeni ndo ufunguo wa maoni mengi, maana mwalimu akisifia tabia peke yake na masomo akayanyamazia, ukimya wake ndo habari yenyewe. "Ni mtoto mtulivu, msikivu na mwenye heshima" ni sifa nzuri na huenda ni ya kweli tupu. Lakini kwenye darasa la watoto 86 mtoto mtulivu ni mtoto asiyenyoosha kidole, asiyeuliza, na mwalimu anaweza kumaliza wiki nzima bila kusikia sauti yake. Kuna mtoto mtulivu anayeelewa kila kitu na alama zake zitakuonyesha. Na kuna mtoto aliyejifunza kwamba ukinyamaza huulizwi, na ukiwa huulizwi hakuna atakayejua kwamba huwezi kusoma, huoni ubao, au husikii vizuri. Hao wawili wanapata sentensi ileile, kinachowatofautisha ni alama zilizo juu ya sentensi. Ndo maana nasema usisome maoni peke yake hata siku moja.

"Mchangamfu" nayo wazazi wengi wanaichukua kama sifa tupu. Ikifuatiwa na tendo la kujifunza, mfano "mchangamfu, hujibu maswali bila woga", furahi. Ikifuatiwa na "apunguze mazungumzo" au "awe makini", mwalimu anakuambia kwa upole kwamba mtoto anaongea wakati wa kazi. Hapo angalia alama kabla ya kukasirika. Mtoto mwenye A nyingi anayeongea darasani mara nyingi amemaliza kazi mapema na anasubiri wenzake, huyo mwombee kazi za ziada. Mwenye D anaongea kwa sababu kazi imemshinda, kwa hiyo ukimkemea asiongee kazi itabaki imemshinda vilevile.

Sasa hii inayogombanisha familia, "ana uwezo ila hajitumi", pengine inaandikwa "ana uwezo mkubwa lakini mzembe". Watu wanaamini maana yake ni mvivu. Ukweli ni kwamba mwalimu hapa ameona vitu viwili visivyolingana: akimuuliza mtoto kwa mdomo anajibu vizuri, ila akimpa karatasi hajazi. Pengo analiona kwa macho, sababu ya pengo haioni, basi anaweka jina la karibu, kutojituma. Sehemu ya kwanza ya sentensi iamini sana kwa sababu ameishuhudia. Ya pili ni tafsiri yake, na tafsiri inaweza kuwa sahihi au isiwe. Mtoto anayesoma polepole, asiyeona ubao vizuri, anayefika shule na njaa, anayelala saa sita usiku kwa sababu ya shughuli za nyumbani, wote hao ukiwaangalia kwa mbali wanafanana na mvivu.

Halafu kuna maneno ambayo yanaonekana madogo ila kwa mwalimu ni mazito. "Mzazi amfuatilie kwa karibu" au "ushirikiano wa mzazi unahitajika" maana yake mara nyingi kuna kitu kimejirudia kiasi cha mwalimu kuona hawezi peke yake: kazi za nyumbani haziletwi, madaftari hayapo, mtoto anafika shule lakini vipindi vya mchana hayupo. Ukikuta na "apunguze utoro" fungua sehemu ya mahudhurio kama ripoti yako inayo, uhesabu siku, maana kuna watoto wanaoaga nyumbani na shule hawafiki. Na ikiandikwa "mzazi afike shuleni", hiyo nenda wiki hiyohiyo shule ikifunguliwa, kuna jambo mwalimu ameshindwa kuliandika.

Upande wa sifa za kweli unazijua kwa kitenzi. "Mtoto mzuri" ni maneno ya rundo, ila "huwaelekeza wenzake", "huuliza pale asipoelewa", "hutunza vizuri madaftari", "hupenda kusoma kwa sauti" ni vitu ambavyo mtoto kavifanya na mwalimu kaviona. Wazazi wengi wanaviruka kwa sababu macho yameshakimbilia kwenye nafasi, wakati hapo ndo kuna kitu cha kushikia kama mtoto ana shida sehemu nyingine.

Hebu tufanye ripoti moja nzima, ni ya mfano tu, mtoto tumwite Neema, darasa la sita, watoto 86. Hisabati 39, Kiswahili 23, Kiingereza 17, Sayansi na Teknolojia 22, Maarifa ya Jamii 20, Uraia na Maadili 21. (Kama wako yuko kwenye mtaala mpya majina ya masomo yatakuwa mengine, usomaji ni uleule.) Jumla 142 kati ya 300, wastani 23.7, gredi C, nafasi ya 41. Nidhamu A, usafi A. Mwalimu wa darasa kaandika: "Ni mtulivu na mwenye heshima. Huwasaidia wenzake Hisabati. Ana uwezo ila hamalizi kazi kwa wakati. Mzazi amfuatilie." Mwalimu mkuu: "Wastani. Aongeze bidii."

Baba wa kawaida anaona 41 kati ya 86, anasema sawa, yuko katikati, aongeze bidii, tuisheni, yameisha. Na hapo Neema anaweza kupotea kabisa.

Mwalimu mkuu kasoma wastani, tumwache. Nafasi nayo tuiache, inategemea wenzake wamefanyaje, darasa lingine kwa alama zilezile angekuwa wa 20 au wa 60. Kwa mwalimu wa darasa, "mtulivu na mwenye heshima" inaweza kuwa ya rundo. "Huwasaidia wenzake Hisabati" siyo ya rundo kabisa, ameiona, na alama 39 inamuunga mkono, kwa hiyo huyu mtoto akili inafanya kazi vizuri na anaweza hata kumweleza mwingine kwa mdomo. "Hamalizi kazi kwa wakati" nayo ameiona. Sasa viweke pamoja: mtoto anayefikiri haraka kwenye hesabu, halafu hamalizi kazi, halafu masomo yote anayoanguka ni yale yenye maneno mengi. Sayansi, Maarifa ya Jamii na Uraia hayafanani kwa chochote ila kwa kitu kimoja, yote lazima usome sentensi ndefu ndo ujibu. Kiswahili ambayo ndo lugha yake ya nyumbani ni 23. Hapo mimi nashuku kusoma kabla ya kushuku uvivu. Mtoto mvivu angekuwa mvivu hata kwenye hesabu.

Kushuku peke yake haitoshi, tukague, na vifaa vya kukagulia vipo kwenye begi lake. Chukua karatasi za mitihani zilizosahihishwa. Kama maswali ya mwanzo kapata na ya mwisho kaacha wazi, shida ni kasi, anaelewa ila muda unamwishia. Kama kajibu yote lakini kakosa kila mahali, kasi siyo ishu, ama hajaelewa alichosoma ama somo lenyewe hajalishika. Kwenye Hisabati yenyewe tafuta maswali ya mafumbo, yale ya "mama alinunua mayai trei mbili". Akipata ya kujumlisha na kugawanya halafu akakosa mafumbo yenye hesabu ileile ndani yake, kusoma ndo kunamkwamisha.

Kisha fungua daftari. Linganisha ukurasa alionakili ubaoni na ukurasa aliouandika kutoka kwenye kitabu mezani. Kama cha kitabuni ni kisafi na cha ubaoni kina maneno yaliyokatika, herufi zilizobadilika, mistari iliyorukwa, peleka macho yake hospitali kwanza, na wakati unasubiri omba akae dawati la mbele. Kama vyote viwili vina makosa, rudi kwenye kusoma.

Mwisho mpe kitabu ambacho hajawahi kukiona, kiwe cha darasa la tatu au la nne, asome ukurasa mmoja kwa sauti, na usiwepo umati wa ndugu. Usimpe kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka huu maana kuna watoto wameshika kwa kichwa kurasa nzima wakisikiliza wenzao. Sikiliza kama anasoma neno zima au anaunga silabi, ki-ta-bu, akifika mwisho wa sentensi mwanzo ameshausahau. Kisha muulize hadithi ilihusu nini. Mtoto wa darasa la sita anayeunga silabi kwenye kitabu cha darasa la tatu amebeba shida tangu madarasa ya chini, pale kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, na amekuwa akiificha kwa utulivu wake na kwa hesabu zake nzuri. Tuisheni ya masomo yote haitamsaidia, itamwongezea kurasa asizoweza kuzisoma. Anahitaji mtu wa kukaa naye kusoma dakika 15 au 20 kila siku, vitabu vyepesi, akipanda taratibu. Kama baada ya miezi miwili mitatu ya hivyo hakuna kinachosogea, hapo ongea na mwalimu kuhusu mwalimu wa elimu maalumu, wapo kwenye baadhi ya shule, au ulizia ofisi ya elimu ya kata wakuelekeze, kwa sababu kuna watoto ambao kusoma kunawagomea kwa namna inayohitaji mtaalamu.

Lakini karatasi ina kikomo chake. Hata ukiisoma vizuri kiasi gani, inakupa swali zuri zaidi kuliko jibu, na mwenye jibu lililobaki ni mwalimu. Ukienda kwake usiulize "mwanangu anaendeleaje", utajibiwa "anaendelea vizuri mama, aongeze tu bidii", sentensi ya rundo kwa mdomo. Uliza vitu ambavyo vinamlazimu akumbuke: mwalimu, kazi gani hasa huwa hamalizi, anakaa dawati la ngapi, mara ya mwisho alisoma kwa sauti lini, ukimuuliza kwa mdomo anajibu? Mwambie mapema kwamba mtoto hatachapwa kwa atakachokuambia. Nimeona walimu wakifunguka palepale baada ya hilo neno moja, mambo waliyokuwa wameyaficha mwaka mzima.

Na kama kazi haikuruhusu kufika, ule mstari wa maoni ya mzazi upo kwa ajili yako. Mzazi wa Neema anaweza kuandika hivi: "Mwalimu, nashukuru. Nimemsomesha nyumbani, anasoma polepole sana na kwa kuunga silabi, ila hesabu anaelewa. Naomba akae mbele na kama kuna kitabu cha hadithi cha madarasa ya chini naomba aazime. Nyumbani tunasoma kila jioni. Namba yangu iko hapa chini." Mwalimu mwenye ripoti 86 zilizorudi na sahihi tupu akikutana na hiyo moja, ataisoma mara mbili. Muhula unaofuata ripoti ikija, Neema anaweza bado kuwa wa 40 na Maarifa ya Jamii bado 20, hizo huchelewa kupanda. Angalia kwanza kama "hamalizi kazi kwa wakati" imebadilika, na kama kwenye Sayansi yale maswali ya mwisho sasa yana majibu, hata kama ni ya kukosa.